Mati imekaa sufuria: kwa nini zulia la tepe za tisheti halitaki kulala chini

Jumamosi moja pale soko la Toi, Nairobi, mteja aliinua mati yangu, akaiweka sakafuni, akaisukuma kwa ncha ya kiatu. Ikayumba. Akaniambia, "Mama, hii ni ya mlangoni ama ni ya kulishia kuku?" Alikuwa na haki. Kingo zilikuwa zimeinuka vidole viwili, na mtu akikanyaga upande mmoja, ule mwingine unapaa. Mati ya aina hiyo hainunuliwi hata ukiishusha bei, kwa sababu mtu anaona mtoto wake akijikwaa nayo kabla hajatoa pesa.

Nimeandika haya kwa mtu ambaye tayari anajua kushika sindano ya kroshia, anakata tisheti kuukuu kuwa tepe, na anafuma kwa kuzunguka kuanzia katikati kwenda nje. Matatizo ya kazi hii ni mengi, lakini linalorudisha mzigo nyumbani kuliko yote ni hili la kutolala. Na halina sababu moja. Ukitazama ni wapi imeinuka na iliinuka lini, utajua kosa liko wapi.

Kwanza tuelewane maneno. Mnyororo ni vile vitanzi vya kuanzia. Mzunguko ni kutoka mahali ulipoanzia hadi uliporudi. Kuzidisha ni kutia vitanzi viwili ndani ya kitanzi kimoja cha mzunguko uliotangulia, ili duara lizidi kupanuka. Nikisema kitanzi kifupi, ni ule ufumaji wa kawaida wa mati: ingiza, vuta, pitisha mara moja, basi.

Kingo zimeinuka pande zote, kama sahani ya supu

Hapa hukuzidisha vya kutosha. Duara likiongezeka upana, ukingo wake lazima urefuke, na urefu huo una kipimo chake. Ukinyimwa vitanzi, ukingo unakuwa mfupi kuliko nafasi unayotakiwa kuzunguka, nao hauna njia ila kujikunja kwenda juu.

Wengi tuliambiwa "zidisha 6 kila mzunguko" tukashika hivyo hivyo. Mara nyingi 6 ni sawa, lakini inategemea mkono wako. Fuma kipande cha mraba cha vitanzi 10 kwa mistari 10, ukitumia tepe ile ile na sindano ile ile. Kilaze bila kukivuta, upime upana na urefu wa kwenda juu. Chukua urefu, gawanya kwa upana, kisha piga mara 6.28. Jibu ndilo idadi ya kuongeza kila mzunguko.

Kipande changu kwa sindano ya milimita 10 na tepe ya sentimita 2.5 hutoka upana wa sentimita 15 na urefu wa 14. Ukipiga hesabu unapata 5.9, yaani 6. Jirani yangu anafuma kwa mkono mlegevu, chake kina upana wa 15 na urefu wa 17. Yeye anapata 7.1. Miaka yote amekuwa akizidisha 6 kama mimi, akashangaa kwa nini mati zake zinakunja. Kosa halikuwa mkono wake. Alikuwa anatumia hesabu ya mkono wa mtu mwingine.

Hesabu hiyo pia inakuonyesha kwa nini ukibadilisha aina ya kitanzi kila kitu kinavurugika. Kitanzi kirefu, kile cha kuzungusha uzi kwenye sindano kwanza, huenda juu karibu mara mbili ya kifupi, kwa hiyo kinadai karibu 12 kwa mzunguko. Ukichanganya vyote viwili kwenye mati moja ili "kupendezesha", badilisha na idadi hapo hapo.

Upande mmoja tu ndio umeinuka

Hili lilinipata siku nyingine, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa utaratibu, maana nililitafuta usiku mzima.

Nilikuwa na oda ya mati 3 zenye umbo la yai, sentimita 40 kwa 60. Umbo hilo huanzia kwenye mnyororo, si kwenye kiduara. Urefu wa mnyororo ni tofauti ya urefu na upana wa mati unayotaka: 60 ukitoa 40 ni 20. Kwa vitanzi vyangu vya sentimita 1.5, hiyo ni 13 na kidogo, kwa hiyo naweka vitanzi 14 vya kufumia, na kimoja cha kugeuzia, jumla 15.

Mzunguko wa kwanza unapita upande mmoja wa mnyororo, unatia vitanzi 3 kwenye kitanzi cha mwisho, unarudi upande wa pili, na kule ulikoanzia unahakikisha napo pamekuwa 3. Jumla ni 30. Baada ya hapo, kila mzunguko unazidisha mara 3 kwenye ncha hii na mara 3 kwenye ncha ile, na pande ndefu hazizidishwi kabisa. Kwa hiyo idadi inakwenda 30, 36, 42, 48, hadi mzunguko wa 14 unapofika 108, na mati iko karibu kabisa na 40 kwa 60.

Mati mbili zilitoka vizuri. Ya tatu ikaanza kuinuka ncha moja karibu na mzunguko wa 9. Nikadhani tepe imekuwa nyembamba, nikabadilisha. Haikusaidia. Mwishowe nikaketi nikahesabu, jambo ambalo ningefanya mwanzo. Mzunguko wa 9 unatakiwa kuwa na 78. Nilikuwa na 71.

Pungufu ya 7 haiji kwa bahati. Nikarudi nyuma mzunguko mmoja mmoja: wa 8 ulikuwa na 66, wa 7 una 61, wa 6 una 56. Ulikuwa unapanda 5 badala ya 6. Mzunguko wa 2 ulikuwa 36 kamili, wa 3 ukawa 41. Kwa hiyo tangu mzunguko wa 3 nilikuwa napoteza kitanzi kimoja kila mara, na mara 7 ni 7.

Kilikuwa kinapotelea kwenye maungio. Ukifunga mzunguko kwa kitanzi cha kuteleza, kitanzi cha mwisho hujificha chini ya ule mfungo, na kwa tepe nene hukioni. Unakiruka, unaanza mzunguko mpya, na kwenye mzunguko unaofuata unarudia. Kwa kuwa maungio yangu yalikuwa kwenye ncha, ncha hiyo ndiyo iliyokosa vitanzi na ndiyo iliyoinuka.

Kwa hiyo ukiona upande mmoja umepanda, nenda moja kwa moja kwenye maungio. Dawa yangu siku hizi ni kipande cha uzi wa rangi nyingine. Nikifuma kitanzi cha kwanza cha mzunguko nakifunga kile kiuzi humo, na nikizunguka nikakifikia tena sipiti mpaka nimefuma kitanzi kilicho kabla yake. Tena maungio nimeyahamishia upande mrefu, ambako hakuna kuzidisha, ili macho yasichanganyikiwe na mambo mawili mahali pamoja.

Je, mati ile iliokoka? Nilifumua hadi mzunguko wa 2. Iliuma, lakini tepe ya tisheti hufumuka bila kuharibika, hiyo ndiyo raha yake. Ungekuwa umepungukiwa na vitanzi 2 au 3 tu, unaweza kuvirudisha kwenye mzunguko unaofuata kwa kuzidisha 8 au 9 badala ya 6, ukivitawanya karibu na pale palipoinuka. Zaidi ya hapo ukijaribu kurudisha vyote kwa mpigo, unapata katikati sufuria na ukingo mawimbi, mati yenye magonjwa mawili.

Ilikuwa imelala vizuri, ikaanza kuinuka katikati ya kazi

Umehesabu na vitanzi viko sawa. Basi tazama tepe.

Tisheti za mitumba hazifanani. Moja ni nzito ya pamba, nyingine ni ile nyepesi ya kampeni ambayo ukiiweka juani unaona upande wa pili. Ukikata zote kwa sentimita 2.5, tepe ya ile nyepesi ikivutwa inakuwa kama kamba ya kiatu. Vitanzi vyake vinakuwa vidogo, ukingo unakuwa mfupi, na mati inajikunja ingawa idadi ni kamili. Kinyume chake ukitoka kwenye nyepesi ukaingia kwenye nzito, ukingo unakuwa mnene kupita kiasi na unaanza mawimbi.

Mimi sipimi tepe kwa upana tena. Nakata kipande cha mtihani, nakivuta hadi kijikunje kama bomba (kitambaa cha tisheti kina tabia hiyo ukikikata kwa kuzunguka mwili, si kwa kwenda juu), kisha nakilaza kando ya tepe ninayotumia. Unene ukilingana, nimepata upana. Tisheti nzito huishia kwenye sentimita 2, nyepesi zikafika 3.5 au hata 4.

Kama tepe ni sawa, tazama saa. Sisemi mzaha. Mati nyingi ninazofumua ziliharibika kuanzia jioni, mkono umechoka na habari za saa moja zinaendelea, ukivuta kila kitanzi kama unamkaba mtu. Mtihani ni rahisi: chomeka kidole cha shahada kwenye kitanzi cha mzunguko wa ndani, halafu kwenye cha nje. Kikiingia ndani na nje kikagoma, ni mkono. Fumua mizunguko hiyo ulale.

Ililala usiku, asubuhi imekuwa bakuli

Hii inaudhi kuliko zote kwa sababu unaweza ukawa umeshaiuza.

Chanzo ni kitambaa chenye mpira ndani, vile vya kubana: leging, tisheti za mazoezi, vitopu vya wasichana. Unapofuma, unakivuta bila kujua. Kikishatulia kinarudi kwenye urefu wake, polepole, usiku kucha. Kikiwa kwenye mizunguko ya nje, kinavuta ukingo wote ndani kama kamba ya mfuko.

Mtihani: kata kipande cha sentimita 20, kivute hadi kikatae, kihesabie hadi kumi, kiachilie. Pamba tupu hubaki imerefuka kidogo, imelegea. Chenye mpira hurudi kwenye 20 zake. Sikitupi, lakini nakitumia kwenye mati nzima ya aina yake, au mizunguko ya katikati kabisa ambako hakina nguvu ya kuvuta ukingo. Pamba na mpira usivichanganye ukingoni.

Ukitaka kujua kama ni pamba au poliesta, choma ncha ya uzi juu ya sinia. Pamba hunuka karatasi inayoungua na huacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, hutoa kidonge cheusi kigumu. Ni muhimu kwa mati ya mlangoni kwa sababu nyingine pia: ya poliesta hainywi maji, mtu anapangusa miguu na tope linabaki juu linateleza.

Imejaa mawimbi, kama ukingo wa sketi

Hapa umezidisha kupita kiasi. Watu huogopa sahani, wanaongeza vitanzi "vya usalama". Hesabu, utaona umezidi. Mawimbi madogo, ya kama vitanzi 3 au 4, yanakwisha ukifuma mzunguko mmoja mzima bila kuzidisha popote. Makubwa, fumua.

Usidanganyike na ushauri wa kuloweka na kuwekea mawe juu. Kweli mati ya pamba yenye kasoro ndogo ikiloweshwa, ikanyooshwa kwa mkono juu ya simenti na kuwekewa uzito hadi ikauke, inatulia. Lakini vitanzi vilivyozidi havijaenda popote. Mteja akiifua mara ya kwanza, mawimbi yanarudi, na yeye harudi. Tena mwezi wa Julai hapa Nairobi mati nene chini ya mawe inakaa siku nne haijakauka, inaanza kunuka.

Imelala, lakini imepata kona sita

Si kosa la kulala, ila wateja huliona. Umezidisha mahali pale pale kila mzunguko, na vile vitanzi viwili viwili vikapangana juu ya wenzake. Sogeza: mzunguko huu anza kuzidisha kwenye kitanzi cha kwanza, unaofuata sogea viwili au vitatu mbele. Idadi ni ile ile. Wengine wanaiacha iwe na kona na kuiita mtindo. Mradi iwe ni kwa kukusudia.

Katikati pamevimba, kingo ziko sawa

Kwenye umbo la yai, ni mnyororo. Watu hufuma mnyororo wa kuanzia kwa kukaza sana, kisha mizunguko inayofuata ikawa milegevu. Mnyororo mfupi unavuta pande ndefu, katikati panainuka kama mgongo wa kobe. Huwezi kulirekebisha ukiwa mzunguko wa 10. Fuma mnyororo kwa sindano iliyo kubwa zaidi kwa namba moja, halafu rudi kwenye ile ya kawaida.

Ukitumia plastiki au katani

Hesabu haibadiliki, ila tabia ya kitu inabadilika. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo anayefuma plastiki sasa anategemea karatasi za mkate na vifungashio vingine. Hizo zikivutwa haziwezi kurudi, na kitanzi kilichokazwa kimekazwa daima. Pima kipande chako cha mtihani upya, na usitumie kipimo cha tisheti. Wala usijaribu kuinyoosha kwa pasi.

Katani haifumwi hivi mara nyingi. Kwa mati, watu husuka ukili mrefu kisha wanaushona ukijizungusha. Hapo hakuna vitanzi vya kuhesabu, na sahani hutokea kwa njia nyingine: unaposhona unauvuta ukili wa nje ili ukae vizuri. Ukili wa nje lazima uzunguke njia ndefu kuliko wa ndani, kwa hiyo ulegeze kwenye kona, vuta uzi wa kushonea peke yake. Shonea mezani au sakafuni, kamwe si mapajani. Paja lina mviringo na mati inaufuata. Nimewaona hata mafundi wa vikapu pale Kariokor, watu wa miaka mingi, wakilaza kitako cha kiondo sakafuni kila baada ya muda kuangalia kama kinayumba, kisha ndipo wanaendelea.

Umegundua umechelewa, mati ni sahani na huna moyo wa kufumua

Acha kuzidisha kabisa. Ukiendelea na idadi ile ile mzunguko baada ya mzunguko, ukingo unasimama wima na unapata ukuta wa kikapu. Ile yangu ya vitanzi 71, kama nisingeifumua, ningeiachia hapo: mizunguko 12 bila kuongeza hata kimoja inatoa ukuta wa karibu sentimita 17, unaotosha nguo za mtoto au viazi vya jikoni. Kwa mfuko wa kubeba begani panda hadi mizunguko 20 na zaidi, na mikono yake usiishone kwenye mzunguko wa mwisho peke yake, maana tepe ya tisheti hurefuka ikibeba uzito. Ianzishe mizunguko minne chini ya mdomo, na ndani ya kila mkono pitisha kamba ya katani ili ibebe mzigo yenyewe.

Kitako nacho kikiwa kimeshajikunja kidogo, kwa kikapu ni afadhali: kisukume katikati kiingie ndani, hapo hakigusi chini katikati, kinakaa kwa ukingo, hakiyumbi.